Kundi la msongo wa mawazo shuleni: anza na mapigo ya moyo, maelezo yafuate

*"Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika sekondari ya kata. Nimeanzisha kundi la msongo wa mawazo kwa kidato cha tatu, kila Ijumaa baada ya masomo. Wiki ya kwanza walikuja 38, nikawaandalia somo zuri: maana ya msongo, visababishi, athari, jinsi ya kukabiliana nao. Wiki ya tatu walibaki 11, na hao nikiwauliza 'nani ana tatizo?' wanaangalia chini. Mkuu wa shule anataka tuwaongeze watukutu ili kundi lijae. Nifanyeje wazungumze? Na nisipowafundisha, watajua nini?"*

Mwalimu, hao 11 waliobaki ndio kundi lako. Wale 38 walikuwa darasa, na darasa haligeuki kundi hata ukiyapanga madawati duara. Kazi hii inataka wanafunzi 8 mpaka 12. Wakiwa chini ya 6, kila mmoja anajiona anamulikwa. Wakizidi 12, wapole wanapata pa kujificha na waongeaji watatu wanabeba kikao kizima. Kwa hiyo usiwakimbilie walioondoka. Watasikia wenyewe kwa wenzao kinachofanyika humo, na muhula ujao utaanzisha kundi la pili.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza, maana ndilo linalokufunga mikono. Wanafunzi wako wanaujua msongo. Kila siku wanasema "nina stresi", wanasema kichwa kinapasuka. Wasichokuwa nacho ni kujaribu kitu kwa mikono yao, wakaona kimewasaidia, wakakirudia siku ya shida bila kusimamiwa. Hicho hakiandikiki ubaoni.

Kuna majaribio mawili yaliyonibadilisha mawazo kuhusu jambo hili. Uingereza, utafiti mkubwa ulioitwa MYRIAD, uliotoa matokeo mwaka 2022, ulihusisha zaidi ya wanafunzi 8,000. Walimu waliofunzwa vizuri walilifundisha darasa zima mbinu za kutuliza akili, kama somo la kawaida. Mwishowe wanafunzi hao hawakuwa na nafuu kuliko wenzao ambao hawakufundishwa, na wengi hawakuwa wakizifanyia mazoezi nyumbani. Kenya nako, katika shule za Nairobi na Kiambu, mpango wa Shamiri uliwachukua wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi uliozidi, ukawagawa katika vikundi vidogo vilivyokutana mara 4 tu, saa moja kwa wiki. Walioviongoza ni vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakitumia visa vya kusoma, mazoezi ya kuandika na mazungumzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: dalili zilipungua kuliko kwa wanafunzi wa vikundi vya kulinganisha, waliofundishwa mbinu za kusoma. Hata hao wa kulinganisha walipata nafuu kidogo, nami naona kukaa wachache mkasikilizana kunachangia sehemu yake. Hayo mawili si mizani kamili, maana wanafunzi wa Kenya walichaguliwa kwa dalili na wa Uingereza hawakuchaguliwa. Bado yananitosha kutokutegemea somo la ubaoni peke yake.

Sasa lile swali la "nani ana tatizo?" Usiliulize tena. Kwa mtoto wa miaka 15 au 16, kuonwa na wenzake ndiyo hofu kubwa kuliko zote, nawe unamtaka anyooshe mkono aseme "mimi hapa". Nalijua kosa hili kwa kulitenda. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika shule moja ya bweni, niliwaomba wasichana waeleze jambo linalowaumiza. Mmoja akaeleza kifo cha baba yake na yaliyofuata pale nyumbani, akalia sana. Kengele ya chakula ikalia. Wenzake wakainuka, mimi nikabaki namshika bega bila kujua nifunge vipi. Hakurudi tena kwenye kundi, na bwenini kisa chake kilishasambaa kabla ya usiku. Tangu siku hiyo nina kanuni mbili. Wiki za mwanzo tunazungumzia kitu tulichokifanya sote mle chumbani au kisa cha mtu wa kubuni, kamwe si maisha ya mtu. Na dakika 10 za mwisho haziguswi kwa jambo zito.

Nikupe kikao kimoja kamili, ukijaribu Ijumaa hii. Utahitaji dakika 60, simu au saa yenye sekunde, chaki, na kipande cha karatasi kwa kila mmoja. Kaa kwenye kiti kama chao, ndani ya duara. Na niseme wazi: kama wewe ndiye unayewachapa Jumatatu, Ijumaa hawatakuambia kitu. Mwombe mkuu akutoe kwenye zamu za adhabu, au umtafute mwenzako asiyeshika fimbo aongoze kundi.

Anza kwa kuwaonyesha jinsi ya kupata mapigo ya moyo. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Wasitumie kidole gumba kuhesabia, maana nacho kina mapigo yake, watachanganya. Wahesabu kwa sekunde 30, kila mtu aandike namba yake na asimwonyeshe jirani. Utaona 36, 41, 44, namba za aina hiyo.

Kisha waambie: "Sasa namchagua mmoja asimame hapa katikati asome kwa Kiingereza ukurasa ambao hajawahi kuuona. Sisi wengine tutamsahihisha." Nyamaza. Watazame mmoja mmoja kwa sekunde 20 hivi. Halafu sema: "Shikeni mapigo." Wahesabu tena sekunde 30, waandike. Papo hapo waambie hakuna atakayesoma, ulitaka tu miili yao ionyeshe inachofanya, na uwaombe radhi kwa kuwashtua. Usiikawize radhi hiyo, maana uaminifu ndio mtaji wenu.

Hapo chumba kinalipuka kwa kicheko, na ndipo mazungumzo yanapoanza yenyewe. Chora sakafuni kwa chaki umbo la mtu, mpe kila mmoja chaki aweke alama pale alipohisi kitu. Wengi huweka tumboni, kwenye viganja, kooni, magotini. Mmoja wa wanafunzi niliowahi kuwa nao, mvulana asiyefungua mdomo wiki mbili, aliinama akachora duara kubwa kwenye masikio ya lile umbo. Nikamuuliza, akasema: "Sisikii. Mwalimu akiniita, sisikii swali." Mwaka mzima walimu walikuwa wakimwita mjeuri.

Sasa ndipo unapoeleza, na dakika 3 zinatosha. Ubongo ukihisi hatari, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio kupeleka damu kwenye misuli, viganja vinatoka jasho, tumbo linapunguza kazi yake ndiyo maana linasokota. Dakika chache baadaye inakuja homoni nyingine, kortisoli, inayouweka mwili macho kwa muda mrefu zaidi. Ni mwili uleule unaomtoa mtu mbio mbele ya nyoka, ila hapa nyoka ni ukurasa wa Kiingereza. Kuna imani moja utaikuta karibu kila shule, uivunje hapohapo: kwamba moyo ukienda mbio kabla ya pepa, basi hukusoma. Aliyesoma naye moyo unamwenda mbio. Ile ni nguvu ya kazi inayoandaliwa, na ikiwa ya kiasi inasaidia. Inaharibu ikipanda mno, au isiposhuka siku nenda siku rudi.

Zoezi la tatu ni pumzi. Mkono mmoja tumboni, vuta kwa kuhesabu 4, toa polepole kwa kuhesabu 6, kwa dakika 3. Hizo ni pumzi kama 18. Kutoa ndiko kuwe kurefu, maana mtu anapotoa pumzi, neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni huupunguza moyo mwendo. Wahesabu mapigo mara ya tatu. Kwa wengi namba itakuwa imeshuka. Kwa wawili au watatu haitashuka, na usiwalazimishe waseme imeshuka. Waambie kwamba wengine huhitaji siku kadhaa za mazoezi, na wengine hutulia zaidi kwa kutembea au kunawa uso maji baridi. Akiwepo anayesikia kizunguzungu, apumue kawaida. Na akiwepo ambaye kufumba macho na kusikiliza pumzi kunamzidishia hofu, afumbue, akanyage sakafu kwa nguvu, ataje kimoyomoyo vitu vitano anavyoviona. Hali hiyo huwapata baadhi ya waliopitia mambo mabaya. Usimuulize mbele ya wenzake.

Baada ya zoezi una maswali matatu tu, kila wiki yaleyale. Nini kimetokea? Wapi pengine umewahi kukiona kitu kama hiki? Wiki hii utakijaribu wapi? La kwanza linajibiwa na kila mtu kwa sababu jibu liko kwenye karatasi yake. La pili linafungua mlango, na kila mmoja anachagua aufungue kiasi gani. La tatu lisipojibiwa kwa mahali na wakati, kikao hakijaisha. "Nitapumua nikiwa na stresi" si jibu. "Jumanne, kabla ya jaribio la hesabu, nikiwa nimekaa kabla karatasi hazijagawiwa" ni jibu. Ijumaa inayofuata unaanza kwa kuuliza juu ya ile Jumanne, na aliyesahau hasemwi.

Ukiuliza, subiri. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani aligundua miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde 1 hivi kabla ya kujijibu au kumrukia mwingine. Wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka na waliokuwa kimya huanza kusema. Katika kundi la msongo mimi huhesabu hadi 10 moyoni. Ni muda mrefu sana ukiwa umekaa pale, lakini mara nyingi sauti hutokea kwenye 7 au 8. Wakiendelea kunyamaza, wape karatasi waandike bila majina, uzikunje, uzichanganye, uzisome wewe.

Wiki ya pili au ya tatu waletee kisa. Nina kimoja ninachopenda kukitumia. Zuhura, kidato cha tatu, anafika nyumbani saa 11 jioni. Anachota maji, anapika, anawaogesha wadogo zake wawili. Saa 4 usiku ndio anafungua daftari, saa 6 anasinzia juu yake. Darasani analala, mwalimu wa hesabu amemsimamisha mara tatu, na jaribio ni Alhamisi. Chora sakafuni sehemu tatu: "naliweza mwenyewe", "naliweza nikisaidiwa", "siliwezi". Andika kila jambo la Zuhura kwenye karatasi yake, kundi liamue liende wapi. Watabishana, na ubishi huo ndio somo. Kundi moja lilikaa karibu dakika 15 kwenye maji tu. Wavulana walisema aache kuchota, wasichana wakawacheka. Mwisho wakaafikiana: maji hayawezi kuachwa, lakini anaweza kumwomba mama wabadilishane, achote alfajiri mdogo wake wa kiume akiwasha moto, ili jioni apate nusu saa ya kubaki shuleni na mwenzake anayejua hesabu. Waulize tena: atamwambia mama lini? Kwa maneno gani? Mama akikataa? Wawili waigize hayo mazungumzo, mmoja awe mama, tena mama mkali. Utashangaa wangapi siku hiyo watakuwa wanazungumza juu ya kwao wenyewe bila kulitaja jina lao.

Kuna hatari moja ya mazungumzo. Vijana wakikutana kila wiki kuchimbua shida ileile, nani kasema nini na inauma vipi, wanapendana zaidi, lakini huzuni nayo inazidi. Watafiti wameliona hilo hasa kwa wasichana marafiki. Dalili yake ni rahisi: Ijumaa ya tatu kisa ni kilekile, machozi ni yaleyale, na swali la "utajaribu nini" linawakera. Hapo punguza maneno, ongeza mazoezi. Kwa sababu inayofanana na hiyo usikubali orodha ya watukutu. Ukiwakusanya pamoja, hufunzana na kusifiana kwa yale waliyoyafanya, na kundi linapata jina la jela ambalo hakuna mpole atakayelisogelea. Mwambie mkuu utawachukua wawili kwa kundi la 10, tena kwa hiari yao, wakichanganyika na wengine.

Kisha kuna sehemu ya tatu ya mchoro wa Zuhura, ile ya "siliwezi", ambayo naomba uiangalie kwa macho ya mtu mzima. Katika karatasi zisizo na majina utakuta njaa kwa sababu mchango wa chakula haujalipwa. Utakuta viboko. Huenda ukakuta mwendesha bodaboda anayemsubiri msichana njiani, au mtu mzima wa shule hiyohiyo. Pumzi 4 kwa 6 si jibu la mambo hayo, na kumfundisha mtoto kuyatuliza moyoni ni kumdhulumu mara ya pili. Hayo ni yako. Kama karatasi tano kati ya 11 zinataja njaa ya mchana, nenda kwa mkuu na namba hiyo, bila jina la mtoto yeyote, muulize chakula kinawezekanaje. Kitu kimoja kikibadilika shuleni kwa sababu ya kundi, hutahitaji kumwita mtu.

Kuhusu siri, waambie ukweli siku ya kwanza, kabla ya jambo lolote. Ya humu hatuyatoi nje, ila siwezi kuahidi kwamba wote 11 mtatunza, kwa hiyo kila mtu aseme kiasi anachoridhika nacho. Na mimi kuna mambo matatu sitayanyamazia: ukitaka kujidhuru, ukitaka kumdhuru mtu, au kuna mtu anakudhuru. Yakitokea, utakuwa wa kwanza kujua nitamwambia nani. Nimewaona walimu wanaoahidi "siri yako ni yangu hadi kaburini", kisha wanalazimika kuivunja, na mtoto hamwamini mtu mzima tena.

Mtoto akisema au akiandika kwamba haoni sababu ya kuishi, usikisubiri kikao kijacho. Mtoe pembeni siku hiyohiyo umuulize kwa maneno yaliyonyooka: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi ni mara ya kwanza mtu kumpa nafasi ya kulisema. Ukiona amekwishafikiria njia au wakati, asibaki peke yake hata dakika, vitu vya hatari viondolewe, aitwe mzazi au mlezi anayemwamini, na afikishwe hospitali ya wilaya. Kwa ukatili wa aina yoyote, afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndio mlango, na namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure. Kama anayemdhuru ni mlezi wake au mtu wa shuleni, usianze kwa kumwita huyo, anza na ustawi wa jamii. Mpeleke pia kwa mtaalamu ambaye kwa wiki mbili au zaidi halali, hali chakula, ameacha vitu alivyovipenda, au anasikia sauti wasizosikia wengine. Kundi halikuundwa kubeba hayo, na si kosa lako likishindwa.

Panga vikao 6, usiende bila mwisho. Cha sita, wape karatasi isiyo na jina yenye swali moja: "Ni kitu gani ulichojaribu nje ya chumba hiki, na lini?" Wakijibu saba kati ya 11 kwa siku na mahali, kundi lako limefanya kazi. Wakikuandikia maana ya msongo na visababishi vyake, ujue ulirudi ubaoni bila kujijua, na kundi lijalo uanze tena na mapigo.

Ijumaa hii usitangaze chochote. Waambie wale 11 walete kalamu tu, na wewe ufike mapema upange duara la viti kabla hawajaingia.